Rangi Zinapogombana: Mhadhara kwa Makarani wa Maghala ya Mahindi, Mbeya

Shikamooni wazee wangu, na wengine hamjambo. Wa kutoka Iringa, kamwene.

Nimeombwa nizungumzie rangi zinazojipaka zenyewe kwenye Excel, yaani umbizo la masharti. Kulitengeneza wengi mnajua: unachagua safu, unaandika sharti, unachagua rangi, imekwisha. Kazi inaanza pale kanuni zinapokuwa nne au tano kwenye jedwali moja, na makarani watatu wanalishika kwa zamu. Kwa hiyo leo tutakaa kwenye jedwali moja tu, la mapokezi ya mahindi.

Tazameni ukutani. Safu ya A ni tarehe, B jina la mkulima, C magunia, D kilo, E unyevu kama ulivyosomwa kwenye kipimo, na F ni hali ya malipo. Vichwa viko mstari wa 1, mzigo unaanza mstari wa 2, nasi tumejipa nafasi hadi mstari wa 400. Kiwango cha Afrika Mashariki cha mahindi hakiruhusu unyevu uzidi asilimia 13.5, na mnajua kinachofuata mahindi mabichi yakipangwa ghalani: joto, kuvu, kisha sumukuvu. Kwa hiyo tunataka kila unyevu unaozidi 13.5 uwe mwekundu, na unaozidi 13 uwe wa njano, ili mtunza ghala ajue gunia hilo liko ukingoni.

Karani wetu akatengeneza nyekundu kwanza, halafu njano. Sasa angalieni mstari wa 9: unyevu 14.8, rangi ya njano! Fomula haina kosa hata moja. Tatizo ni kwamba kanuni mpya huwekwa juu ya zote zilizotangulia, na aliye juu ndiye mwenye kauli. 14.8 inazidi 13.5, ni kweli, lakini inazidi 13 pia. Kanuni zote mbili zinatimia, zote zinataka kupaka usuli wa seli, na usuli haupakwi rangi mbili. Njano iko juu, njano imeshinda.

Dawa yake ni hii. Nenda `Home`, kisha `Conditional Formatting`, kisha `Manage Rules`. Dirisha likifunguka, kabla hujagusa chochote, tazama juu palipoandikwa `Show formatting rules for`. Pale huwa pamewekwa `Current Selection`, maana yake unaonyeshwa kanuni za seli ulizochagua tu. Badilisha iwe `This Worksheet`. Nimeona watu wakiapa kwamba jedwali lina kanuni mbili, kumbe zipo kumi na nyingine zimejificha kwenye safu za mbali. Sasa bofya kanuni nyekundu, bonyeza mshale wa kupandisha, halafu `Apply`. Mstari wa 9 umekuwa mwekundu.

Mngoje kidogo, maana hapa watu hukimbilia kuweka tiki kwenye `Stop If True` bila sababu. Kwa nyekundu na njano hamna haja. Kanuni zikigombania kitu kimoja, mpangilio peke yake unamaliza ugomvi. Zisipogombana, zote hufanya kazi: moja ikikoleza herufi na nyingine ikipaka usuli, seli itapata vyote viwili. Tiki ile inahitajika unapotaka kanuni za chini zisiangaliwe kabisa kwenye seli hiyo. Ina asili yake: Excel ya 2003 na za kabla yake zilikubali kanuni tatu tu kwa seli, na zilisimama kwenye ya kwanza iliyotimia. Toleo la 2007 lilipoondoa ukomo huo, kisanduku hiki kikawekwa ili tabia ile ya zamani iweze kuendelea. Leo tunakitumia kwa kazi nyingine kabisa, na ndiyo ninayoipenda zaidi.

Kwenye safu ya E kuna mizigo ambayo haijapimwa. Karani mmoja anaacha seli wazi, mwingine anaandika “bado”. Sasa Excel inapolinganisha neno na namba, neno huhesabiwa kuwa kubwa kuliko namba yoyote. Kwa hiyo “bado” inazidi 13.5, na mzigo ambao haujapimwa unapakwa nyekundu. Mkulima anasimama mezani anaambiwa mahindi yake ni mabichi, na kipimo hakijayagusa. Seli iliyo wazi nayo huhesabiwa sifuri, hivyo kanuni yoyote ya “chini ya” itaipaka.

Badala ya kurekebisha kila kanuni, weka mlinzi mmoja juu ya zote: kanuni ya fomula isiyo na rangi yoyote, yenye tiki ya `Stop If True`. Kazi yake ni kukamata kila seli isiyo na namba, isiendelee chini. Orodha yetu kamili, kutoka juu kwenda chini, itakuwa hivi:

```
=NOT(ISNUMBER($E2))
=$E2<1
=$E2>13.5
=$E2>13
=$F2="Imelipwa"
```

Nne za kwanza zinahusu `=$E$2:$E$400`. Ya tano, ya kijivu, inahusu `=$A$2:$F$400`, mstari mzima.

Ya pili nimeipa zambarau, na kisa chake ni kidogo lakini kinaumiza. Mtu akiandika 14.2 na alama ya asilimia mbele yake, Excel inahifadhi 0.142. Machoni unaona asilimia 14 na ushee, lakini kanuni inaona namba ndogo kuliko moja, na nyekundu haiwaki. Zambarau inakuonyesha makosa hayo. Angalieni pia kwamba haikubidi niandike “na iwe namba, na isiwe tupu”, kwa sababu seli tupu zimeshakamatwa na mlinzi wa juu.

Kijivu nimekiweka chini kabisa kwa makusudi. Wahasibu wengi wangekitaka juu, chenye tiki, ili mzigo uliolipwa unyamaze wote. Mimi nakataa. Mahindi yenye unyevu wa 14.8 hayakauki kwa kuwa yamelipiwa. Kijivu kikiwa chini, mstari uliolipwa unakuwa wa kijivu lakini seli ya unyevu inabaki nyekundu. Na kuna faida ya pili: `Stop If True` husimamisha seli kwa seli, wala si mstari mzima. Mzigo uliolipwa bila kupimwa utaonekana kijivu chenye tundu jeupe kwenye E. Msimamizi akiona tundu hilo ana la kumuuliza karani.

Sasa tuje kwenye masafa, yaani kile kisanduku cha `Applies to`. Baada ya mwezi mmoja wa kazi fungua dirisha lile tena. Utakuta nyekundu imejirudia mara nyingi, moja imeandikwa `=$E$2:$E$56,$E$58:$E$213`, nyingine inahusu `$E$57` peke yake. Hakuna aliyeziandika. Zimezaliwa na kunakili na kubandika, hasa kunakili mstari mzima na kuuchomeka kati ya mingine, kwa sababu ubandikaji wa kawaida hubeba kanuni pamoja na data. Rangi zinaendelea kuonekana sawa, kwa hiyo hakuna anayeshtuka. Madhara huja siku mnunuzi anaposema anataka 13 badala ya 13.5: unarekebisha kanuni moja, vipande vingine vinabaki na kiwango cha zamani, na jedwali moja linakuwa na mizani mbili.

Usafi wake: hifadhi nakala ya faili kwanza. Chagua seli kuanzia E2 kwenda chini, ukianzia kuburuta E2 yenyewe. Fungua dirisha, chagua kipande kimoja chenye fomula sahihi, kwenye `Applies to` andika `=$E$2:$E$400`, kisha futa vipande vyake vingine kwa `Delete Rule`. Ukiwa ndani ya kisanduku hicho usitumie mishale ya kibodi kusogea, maana itachomeka anwani za seli katikati ya ulichoandika. Bonyeza F2 kwanza, ndipo mishale itembee ndani ya maandishi.

Na kwa nini nasisitiza kuanzia E2? Fomula ya kanuni husomwa kwa kutazama seli iliyo hai wakati unaiandika. Kama seli hai ni E5 nawe umeandika `$E2`, umeiambia Excel kila seli imtazame aliye mistari mitatu juu yake. Rangi itatokea mistari mitatu chini ya mwenye kosa, na atakayelaumiwa ni mkulima mwingine. Ukikuta ndani ya fomula kitu kama `$E1048576`, ndicho hicho: hesabu imepanda juu ya mstari wa kwanza ikazungukia mstari wa mwisho wa karatasi.

Kuzuia vipande visizaliwe, bandika thamani tu: Ctrl+Alt+V, halafu V, halafu Enter.

Naam, mama pale nyuma. Anauliza: msimu umeisha, anataka kufuta kanuni zote lakini data ibaki.

Kwenye `Conditional Formatting` kuna `Clear Rules`, na humo `Clear Rules from Entire Sheet`. Data haiguswi. Ila angalia, mama, jirani yake ni `Clear Rules from Selected Cells`. Hiyo inaondoa kanuni kwenye seli ulizochagua tu na kuiacha kwingine, kwa hiyo ukiitumia katikati ya safu unatengeneza vile vipande tulivyohangaika kuviunganisha. `Delete Rule` ya kwenye dirisha ni tofauti na zote mbili: inafuta kanuni moja kwenye masafa yake yote, hata kama ulikuwa umechagua seli moja. Ukiwa umekosea na hujabonyeza `Apply` wala `OK`, bonyeza `Cancel`, kanuni inarudi. Kitufe cha Delete cha kibodi hakifuti kanuni kabisa, kinafuta kilichoandikwa tu.

Na kama umefuta zote halafu bado kuna seli nyekundu? Hiyo imepakwa kwa mkono. Chagua seli hiyo, fungua `Manage Rules` ikiwa kwenye `Current Selection`. Ukikuta patupu, nenda kwenye kopo la rangi pale `Home` uchague `No Fill`.