Kumbusho la Tatu Haliandikwi kwa Hasira

(Mhadhara uliotolewa Mombasa kwa wafanyakazi wa ofisi za usafirishaji na uwakala wa forodha. Umeandikwa kama ulivyosemwa, maneno machache tu yakipunguzwa.)

Assalamu aleikum, na masalkheri kwa nyote. Waliochelewa kwa foleni ya feri tumewasamehe, nafasi zipo huku mbele.

Nimeombwa niseme juu ya jambo ambalo kila mmoja hapa analo kwenye simu yake sasa hivi: mwenzako kazini umemwomba kitu, kakaa kimya, umemkumbusha, kakaa kimya tena. Sitaki tulizungumze kijuujuu. Nitachukua kisa kimoja, tukikate vipande.

Ni kampuni ya malori, upande wa Shimanzi. Mhasibu wake ni binti wa miaka ishirini na kitu. Msimamizi wa magari ni mzee, alianza kama dereva kabla binti huyo hajazaliwa. Mnaelewa kwamba hapa hatuna wenza wawili wa kulingana. Binti anamwamkia mzee shikamoo kila asubuhi, halafu jioni anamdai karatasi.

Na karatasi zenyewe ni ankara tano za spea na matengenezo ya mwezi wa kumi. Jumla shilingi 348,000, na ndani yake mna kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 16, yaani shilingi 48,000. Hesabu za kodi hiyo huwasilishwa KRA kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Ankara zikiwa zimetolewa kupitia eTIMS, ule mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, na zina PIN ya kampuni, zile 48,000 zinapunguzwa kwenye kodi ya kulipa. Zisipokuwapo, kampuni inazitoa mfukoni.

Tarehe 5 binti alikutana na mzee pale getini, lori linaingia, tanboi anapiga kelele. Akamwambia, "Mzee, usinisahau na zile risiti." Mzee akasema, "Zitakuja, inshallah." Basi. Kwa binti, hilo lilikuwa ombi. Kwa mzee, zilikuwa salamu.

Nawaambieni, makumbusho mengi yanaharibikia hapa. Mtu anaandika kumbusho kali juu ya ombi ambalo mwenzake hajalipata sawasawa: risiti zipi, lini, azipeleke wapi. Kwa hiyo kumbusho la kwanza kazi yake kubwa ni kuliomba upya jambo lenyewe, lote, kana kwamba halijawahi kusemwa. Binti aliandika Jumatatu tarehe 10, asubuhi:

"Shikamoo mzee wangu, habari za nyumbani? Naomba ankara tano za spea za mwezi wa kumi, zile za eTIMS zenye PIN ya kampuni. Nazihitaji Jumatano jioni ili niziingize kwenye hesabu za KRA. Hata ukizipiga picha ukanitumia hapa WhatsApp zinatosha kwa sasa. Ahsante sana."

Tazameni kisichokuwamo. Hakuna "kama nilivyokwambia". Hakuna "nakukumbusha tena". Hakuna "mbona". Ukianza na mbona, umekwisha kumshitaki, naye atatumia nguvu zake kujitetea badala ya kutafuta karatasi. Halafu oneni siku aliyompa: Jumatano tarehe 12, si tarehe 20. Angemtajia 20, zingemjia 19 usiku, na kama zina kasoro hana tena nafasi ya kuzirekebisha.

Jumatano ikapita. Tiki mbili za bluu, jibu hapana. Hapo ndipo damu inapochemka, na ndipo watu hufanya kosa ninaloliona kila ofisi ninayoingia: wanahamia kwenye grupu. "Jamani, bado nasubiri ankara kutoka upande wa magari." Hajamtaja mtu, lakini upande wa magari una mtu mmoja! Umemvua nguo mzee wa watu mbele ya madereva anaowasimamia. Ankara utaletewa, sikatai. Lakini mwezi ujao utajua maana ya kununiwa.

Binti hakwenda kwenye grupu. Kumbusho lake la pili lilitoka Alhamisi, na lilikuwa fupi kuliko la kwanza:

"Shikamoo mzee. Ankara tano za mwezi wa kumi hazijanifikia. Kuna iliyokwama, au kuna duka lililotoa risiti bila PIN? Kama ipo hivyo nieleze tu, tuone pamoja. Zilizo tayari nitumie leo kabla ya saa kumi, zisisubiri nyingine. Nitakupigia saa nane."

Hapa toni imepanda, lakini haikupandia kwenye ukali. Imepanda kwa mambo mengine. Salamu ipo, ila habari za nyumbani zimeondoka. Usije ukaiondoa salamu yenyewe. Kwetu huku ujumbe usio na salamu kwa mtu mzima ni tusi, na ukishatukana, yaliyobaki chini hayasomwi. Kisha, hakusema "hujanitumia", alisema "hazijanifikia". Ukweli ni uleule, lakini anayelaumiwa ni karatasi. Neno "hujanitumia" liweke akiba, na pengine usilihitaji kabisa.

Lililo zito zaidi ni swali lile la PIN. Mtu anayekaa kimya siku nne hajasahau. Aliyesahau hujibu kumbusho la kwanza, "Aa, samahani binti yangu!" na mambo yakaisha. Anayesoma na kunyamaza mara nyingi ana tatizo analoona aibu kulisema. Ndiyo maana kumbusho la pili liulize kilichokwama, na likitaje kwa jina kile unachokishuku, kwa namna ambayo kukubali si fedheha. "Kuna tatizo gani?" haitoshi. Atajibu, "Hakuna tatizo," na mtarudi mlipoanza.

Na alipiga kweli saa nane. Ukiahidi kupiga, piga. Mzee akasema. Lori liliharibikia Mariakani usiku, mara mbili mwezi ule, dereva akanunua spea pale alipopata, akapewa risiti za mkono. Ankara tatu zilikuwa sawa, akazituma saa hiyohiyo. Mbili ndizo zenye kasoro, jumla yake shilingi 139,200, na kodi iliyomo ni 19,200. Wakakubaliana mzee awarudie wenye maduka watoe ankara za eTIMS, kufikia Jumamosi.

(Sauti kutoka ukumbini: "Na Jumamosi hakuleta!")

Hakuleta. Naona ofisi yako ni hiyohiyo.

Jumamosi kimya, Jumapili kimya. Jumatatu tarehe 17 binti akaandika la tatu, na hili hakulituma kwa WhatsApp. Alilituma kwa baruapepe ya kazini, kisha akamwandikia mzee mstari mmoja kwenye WhatsApp kumjulisha lipo. Sababu yake si kumtisha. La tatu ni kumbukumbu, na kumbukumbu hukaa mahali inapoweza kutafutwa baada ya mwaka.

"Shikamoo mzee. Ankara mbili za spea za Mariakani hazijanifikia. Kesho Jumanne saa kumi jioni nitawasilisha hesabu za KRA kwa ankara nilizonazo. Hizo mbili zisipokuwapo, shilingi 19,200 tutazilipa mwezi huu, na nitaeleza sababu kwenye taarifa ya mwezi ya mkurugenzi. Zikipatikana baadaye tutazidai, muda ni miezi sita. Leo nipo ofisini hadi saa kumi na moja."

Usomeni polepole. Hakuna "tafadhali", hakuna "naomba". Lakini pia hakuna "ni lazima", wala "kwa mara ya mwisho", wala "sitavumilia". Hamwagizi mzee afanye lolote. Anamwambia yeye mwenyewe atakalofanya, lini, na litagharimu kiasi gani. La kwanza liliomba na la pili likauliza. La tatu linaarifu, na uzito wake wote umo humo.

Ndiyo maana kila lililotajwa humo lazima liwe kweli na liwe mikononi mwako. Binti ana uwezo wa kuwasilisha hesabu bila zile mbili. Taarifa ya mwezi ni kazi yake, angeiandika hata wasingekosana. Na miezi sita ya kudai kodi hiyo ni ya sheria, hakuitunga. Angeandika, "Utakatwa mshahara," angekuwa amesema asiloweza kulitenda, na mzee anajua. Kisha saa kumi ya Jumanne ikifika, wasilisha. Ukiandika kumbusho la nne, umewafundisha watu wote wa ofisi kwamba la tatu lako ni upepo.

Kuna wanaoniuliza juu ya kumnakili bosi kwenye ujumbe. Binti hakumnakili mkurugenzi. Alimwambia mzee waziwazi kwamba mkurugenzi atayaona, na wapi atayaona. Kuna tofauti kubwa. Anayekuta jina la bosi limeingizwa bila kuambiwa anahisi amechongewa. Aliyearifiwa kabla amepewa siku nzima ya kujiokoa. Kama kwenu utaratibu unataka bosi anakiliwe, sawa, mnakili, lakini mtangulie mwenzako kwa simu.

Mwisho wa kisa? Ankara moja ilikuja Jumanne saa tisa. Ya pili haikuja, duka halikuwa kwenye eTIMS kabisa. Binti akawasilisha, akaandika kwenye taarifa mistari miwili: duka halikutoa ankara stahiki, inapendekezwa madereva wapewe orodha ya maduka ya kununua spea njiani. Jina la mzee halimo. Ilikuwa haki yake kulitaja, na nadhani wengi wetu tungelitaja.

Swali moja, kisha tuswali Magharibi. Ndiyo, dada wa nyuma.

(Swali: "Na kama anayenyamaza ndiye bosi mwenyewe?")

Hapo ngazi inabaki ileile, ila la tatu lazima libadilike, maana huwezi kumwarifu bosi kwamba utamripoti kwa bosi. Mwarifu utakalofanya asipojibu, na uchague lile lisilo na madhara kwake akilikuta limefanyika. "Nisipopata maelekezo yako kufikia Alhamisi saa sita, nitaendelea na bei ya mwezi uliopita." Bosi aliyezidiwa na kazi hulipenda hilo, kwa sababu kimya chake kimekuwa jibu. Lakini lisitumike pale sahihi yake inapotakiwa. Mahali pa sahihi, chukua karatasi na kalamu, nenda ukasimame mlangoni kwake saa mbili asubuhi kabla wageni hawajaanza kuingia.