Picha ya Vocha Hupigwa Mwisho

Mwenyekiti, wahasibu wenzangu, na nyinyi mnaotunza masanduku ya fedha ndogondogo, ambao katika mikutano ya namna hii hualikwa wa mwisho na kulaumiwa wa kwanza, nawashukuru kwa kuja. Wengi wenu mmekwisha kunisikia nikilisema nitakalolisema leo, na ninalirudia kwa sababu bado naletewa mafungu ya picha ambayo mhasibu hawezi kuyaingiza vitabuni bila kubahatisha. Hoja yangu ni kwamba picha ya vocha ni hatua ya mwisho ya malipo madogo. Vocha ijazwe, iidhinishwe, iandikwe namba ya akaunti, mpokeaji atie saini, igongwe muhuri wa IMELIPWA pamoja na risiti yake, na hapo ndipo simu itolewe mfukoni. Siku hizi simu hutolewa kwanza, na mengine yote huachwa yajipange yenyewe.

Sitaeleza masurufu ni nini. Mnajua kwamba kiasi chake hakibadiliki, na kwamba saa yoyote ile fedha taslimu zilizomo sandukuni, zikijumlishwa na vocha ambazo bado hazijarejeshewa fedha, ni lazima zifikie kiasi hichohicho. Niende moja kwa moja kwenye fungu nililoombwa kulichunguza, katika ofisi ambayo sitaitaja.

Masurufu ya ofisi hiyo yalikuwa 200,000. Mtunza fedha alihesabu sanduku akakuta 41,500, kwa hiyo akaomba arejeshewe 158,500, akaambatanisha picha za vocha namba 0113 hadi 0121. Karani wa uhasibu, aliyekaa jengo jingine na ambaye hakuwahi kuliona sanduku lile, alijumlisha picha alizopokea akapata 167,000. Tofauti ilikuwa 8,500. Karani akadhani mtunza fedha amekosea kujumlisha, akaandaa malipo ya 167,000, na kwa moyo safi kabisa akamtumia ujumbe wa kumpongeza kwa kujipunja.

Vocha zilikuwa tisa, lakini picha zilikuwa kumi. Vocha 0114, ya betri, ilikuwa imepigwa picha mara mbili. Mjumbe aliyetumwa kununua aliipiga picha risiti peke yake pale pale dukani, akaituma ili asije akaipoteza. Baadaye mtunza fedha alipiga picha vocha iliyokamilika, risiti ikiwa imebandikwa pembeni. Picha ya kwanza haikuwa na namba ya vocha, kwa sababu wakati huo vocha yenyewe haikuwa imeandikwa, na kwa hiyo karani hakuwa na njia ya kujua kwamba ni malipo yaleyale. Aliiweka ya kwanza kwenye vifaa vya ofisi na ya pili kwenye matengenezo, na kila moja ilionekana halali mahali pake.

Kama malipo yale yangepita, sanduku lingekuwa na 208,500, yaani zaidi ya masurufu yenyewe. Hapo ndipo kosa hujitangaza, ikiwa kuna mtu anayehesabu sanduku mara tu baada ya kurejesha fedha. Ikiwa hakuna anayehesabu, zile 8,500 zinaweza kutoka kimya kimya, na vitabu vitaonyesha kwamba zilinunua betri. Na ikiwa picha imepotea badala ya kurudiwa, mambo huenda kinyume: fedha zinazorejeshwa zinapungua, sanduku halifiki 200,000, na mtunza fedha mwaminifu anaanza kutazamwa kwa jicho la pembeni.

Najua mtakaloniambia, kwamba mjumbe alifanya vizuri kuilinda risiti. Nakubali kwamba wasiwasi wake una msingi. Risiti nyingi za mashine huchapwa kwenye karatasi inayogeuka nyeusi kwa joto, na karatasi hiyo hufifia ikikaa juani, ikibanwa ndani ya mfuko wa plastiki au ikipakwa gundi isiyofaa. Nimewahi kukabidhiwa vocha nzuri yenye kipande cheupe kilichobandikwa kwa uangalifu mkubwa. Lakini dawa yake ni kuikamilisha vocha siku ileile na kuipiga picha siku ileile, si kusubiri mwisho wa mwezi. Kama mjumbe hana budi kupiga picha njiani, na abaki nayo kwenye simu yake kama akiba, isiingie kwenye fungu la kurejesha fedha. Kinachoingia kwenye fungu ni picha moja kwa vocha moja, nayo ibebe namba ya vocha katika jina lake, mfano `0114.jpg`. Majina yakipangwa kwa namba, pengo na nakala vyote vinaonekana kwa mtazamo mmoja.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ndilo hasa linanikera. Kwa nini karani aliziweka betri zilezile katika akaunti mbili tofauti? Kwa sababu risiti ilisema “betri”, basi. Risiti humwambia mhasibu kitu gani kimenunuliwa. Haimwambii kimenunuliwa kwa ajili ya nini, na akaunti ya matumizi hufuata hilo la pili. Betri za saa ya ukutani ni vifaa vya ofisi. Betri za kufuli la umeme la mlango wa stoo ni matengenezo ya jengo. Betri za kipimo kinachotumiwa na mradi fulani ni gharama ya mradi huo, na pengine mfadhili ndiye anayezilipia. Ni betri zilezile, kwa bei ileile, na hata ukiikuza picha mpaka uone nyuzi za karatasi hutapata jibu humo. Kuna watu wanaoamini kwamba kamera ya simu ina shahada ya uhasibu.

Jibu analo mtu mmoja tu kwa uhakika, naye ni yule aliyezihitaji, siku ile alipozihitaji. Wiki tatu baadaye hata yeye atakuwa anakisia. Ndiyo maana nasema namba ya akaunti iandikwe kwenye vocha wakati wa kulipa, na juu yake yaandikwe maneno kamili ya kusudi: “betri nne za kufuli la mlango wa stoo”. Neno “manunuzi” si kusudi, wala “matumizi ya ofisi” si kusudi.

Hapo huinuka mtu akasema, “Mwalimu, mtunza fedha si mhasibu, hizo namba atazijuaje?” Ni swali la haki, lakini mara nyingi huulizwa na wahasibu ambao hawajawahi kumpa mtunza fedha orodha yoyote. Hahitaji mpango mzima wa akaunti wenye kurasa na kurasa. Fedha ndogondogo hugusa akaunti chache tu, nane au kumi, na orodha yake inatosha kubandikwa ndani ya kifuniko cha sanduku, kila akaunti ikifuatwa na mifano miwili ya vitu vinavyoingia humo na mmoja wa kitu ambacho watu hudhani kinaingia kumbe hakiingii. Akikosea namba lakini ameandika kusudi, mhasibu atasahihisha kwa dakika moja, atie saini ndogo pembeni. Akiacha kusudi, hakuna wa kusahihisha, na malipo yatatupwa kwenye akaunti ya “mengineyo”. Mnaijua akaunti hiyo. Ukiikuta inanenepa mwezi hadi mwezi, usianze kwa kuuliza watu wanatumia nini. Fungua vocha zake utazame mahali pa kusudi, nami nakuhakikishia utapakuta pako wazi.

Katika fungu lile kulikuwa pia na vocha 0116, ya 23,400, yenye risiti moja iliyochanganya kalamu na karatasi za 14,400 na sabuni za 9,000. Mtunza fedha alifanya sawasawa kabisa: vocha moja, mistari miwili, kila mstari na namba yake ya akaunti na kiasi chake, jumla ikilingana na risiti. Karani aliyezoea kusoma jumla tu iliyo chini ya picha aliiingiza yote kwenye vifaa vya ofisi. Hapo kosa halionekani kwenye sanduku hata kidogo, kwa kuwa jumla kuu haibadiliki. Huonekana tu pale msimamizi wa usafi anapouliza kwa nini bajeti yake haiguswi ilhali sabuni zinakwisha.

Baada ya kuondoa picha iliyorudiwa na kuigawa vocha hiyo, fungu lilikaa hivi: vifaa vya ofisi 61,900, usafiri 48,000, usafi 21,600 na matengenezo 27,000. Jumla ni 158,500, nayo pamoja na 41,500 za sandukuni inatimiza 200,000. Akaunti hizo nne zinadebitiwa, na inayokreditiwa ni benki, kwa 158,500. Narudia kwamba ni benki, kwa sababu kila mara namkuta mtu aliyekreditia akaunti ya masurufu, na alipopeleka fedha sandukuni akasahau kuidebiti tena, leja ikaonyesha masurufu ya 41,500 ambayo hayako duniani. Akaunti ya masurufu ilidebitiwa siku sanduku lilipoanzishwa, nayo hukaa na 200,000 yake mpaka uongozi uamue kuongeza au kupunguza kiasi hicho.

Naona mwenyekiti anatazama saa, basi niyapite haraka yaliyobaki. Wakati wa kupiga picha, vocha na risiti vilazwe kando kwa kando, risiti isifunike namba ya vocha wala pini isizibe jumla. Tumieni mwanga wa dirisha, kwa kuwa mmweko wa simu huacha doa jeupe juu ya karatasi inayong'aa. Muhuri wa IMELIPWA uvuke kutoka vocha hadi risiti ili risiti isiweze kuchomolewa na kutumiwa tena, na uonekane pichani. Picha isiyo na muhuri irudishwe. Malipo yasiyo na risiti, kama nauli, yawe na saini ya aliyepokea fedha na maelezo ya safari. Karatasi zenyewe msizitupe kwa sababu tu mna picha. Zitunzeni kwa muda wote ambao sheria na mkaguzi wenu wanaudai.

Na kuhusu mwisho wa kipindi, lililoulizwa na ndugu aliyekaa mbele: ndiyo, vocha ambazo hazijarejeshewa fedha siku ya kufunga hesabu bado ni matumizi ya kipindi hicho. Iliyo rahisi ni kurejesha fedha siku hiyo ya mwisho hata kama sanduku bado limejaa nusu. Ikishindikana, debiti matumizi na kreditia masurufu kwa jumla ya vocha hizo, kisha siku ya kwanza ya kipindi kipya geuza ingizo hilo, ili fungu litakapokuja na picha zake liingie kupitia benki kama kawaida bila kuhesabiwa mara mbili.