Zamu ya Jioni Haibadilishwi Peke Yake: Maneno ya Mpangaji Anayekabidhi Daftari

Ndugu zangu, habari za saa hizi. Nimeombwa niwaeleze namna ya kukabidhi kazi ya kupanga zamu. Nimeona njia fupi ni kuwasomea hati niliyomwandikia dada anayenipokea, ambaye amekaa hapa mstari wa mbele, na kila penye kanuni nieleze ilikotoka. Mimi nilipopokea daftari hili nilikuta kanuni bila sababu zake. Kanuni isiyo na sababu huvunjwa siku ya kwanza mtu anapokuja analia shida, na mimi nilizivunja kadhaa kwa moyo mweupe kabisa.

Hati inaanza na mzunguko wenyewe. Tuna makundi manne, A, B, C na D, na kazi haisimami usiku wala mchana. Zamu ya asubuhi inaingia saa 12 asubuhi na kutoka saa 8 mchana. Ya jioni inapokea hapo mpaka saa 4 usiku, na ya usiku inakesha mpaka saa 12 asubuhi. Kila kundi linafanya asubuhi mbili, jioni mbili, usiku mbili, kisha linapumzika siku mbili. Jumla siku nane. Makundi yameachana kwa siku mbili mbili, hivyo siku yoyote ile moja liko asubuhi, moja jioni, moja usiku, na moja liko ofu.

Dada yangu, wataalamu wengi watakuja kukushauri ugeuze mpangilio, uanze na usiku ushuke kwenda asubuhi. Usikubali kabla hujahesabu saa. Kwa mpangilio wetu wa kwenda mbele, anayetoka asubuhi saa 8 mchana anaingia jioni kesho yake saa 8 mchana, kwa hiyo amepumzika saa 24. Anayetoka jioni kwenda usiku naye anapata 24. Ukigeuza, anayetoka jioni saa 4 usiku atatakiwa asubuhi saa 12, yaani saa 8 tu. Ndani ya hizo saa 8 kuna kwenda nyumbani, kula, kuoga, kulala na kurudi. Shirika la Kazi Duniani, katika Pendekezo Na. 178 la mwaka 1990 kuhusu kazi ya usiku, linasema kati ya zamu na zamu pawe na angalau saa 11 za mapumziko kadiri inavyowezekana. Mimi nimelichukua hilo kuwa ukuta. Ukiona mapumziko ya saa 8 mahali popote kwenye jedwali lako, simama.

Hiyo saa 8 ndiyo adui ninayetaka kumzungumzia zaidi leo, kwa sababu haiingii kwa mlango wa jedwali. Inaingia kwa kubadilishana zamu.

Sikilizeni kisa kimoja. Kijana wa Kundi A alikuwa na jambo la familia jioni ya Alhamisi, na siku hiyo ilikuwa jioni yake ya pili, siku ya 4 ya mzunguko. Akamwendea mwenzake wa Kundi B aliyekuwa asubuhi siku hiyohiyo, wakaelewana: wewe chukua jioni yangu, mimi nitachukua asubuhi yako. Wote wawili walitia saini, idadi ya watu haikupungua, saa za kila mmoja zilibaki zilezile. Nilipitisha bila kusita. Lakini yule kijana Jumatano alikuwa jioni. Alitoka saa 4 usiku, na Alhamisi saa 12 asubuhi akawa kazini. Mwezi uliofuata, nilipokuwa napitia daftari la mahudhurio, niliona kwamba kila aliyechelewa kuingia asubuhi alikuwa ametoka jioni usiku uliotangulia, na kila mmoja wao alikuwa amebadilishana. Nilikuwa nimewaandikia maonyo ya uchelewaji kwa kosa ambalo saini yangu ndiyo ililizaa. Nilikwenda kwa kila mmoja nikaomba radhi na kuyafuta.

Baada ya hapo nilikaa na kalamu nikajaribu kila namna. Tuseme angebadilishana jioni ya kwanza, siku ya 3. Wakati huo mwenzake wa asubuhi yuko siku ya 1. Kijana wa A yuko salama, maana jana alikuwa asubuhi. Ila mwenzake akifanya jioni leo, kesho ana asubuhi yake ya pili. Saa 8 zimehamia kwa msaidizi. Basi nikajaribu kundi la usiku. Siku ya 3 wa A akikesha, anatoka asubuhi ya siku ya 4, na saa 8 mchana anaitwa kwenye jioni yake. Saa 8 tena. Siku ya 4 ikawa mwenzake wa usiku ndiye anayeumia: katoka kukesha saa 12 asubuhi, jioni inamngoja saa 8 mchana. Nikaona labda walio ofu. Aliye katika siku ya 7 ametoka usiku asubuhi ileile, hivyo akipewa jioni ana saa 8. Aliye katika siku ya 8 akifanya jioni, kesho yake anaanza mzunguko mpya saa 12 asubuhi. Saa 8.

Njia sita, na zote zinaangukia palepale. Kwa mzunguko huu wetu, jioni moja peke yake haina mtu wa kubadilishana nayo bila mmoja wao kulala saa chache. Ndiyo maana kwenye hati nimeandika kwa wino mwekundu: *jioni hubadilishwa jozi*. Kijana wa A angechukua asubuhi zote mbili za mwenzake, angekuwa na asubuhi nne mfululizo kisha usiku mbili, na mwenzake angetoka ofu akafanya jioni nne. Hakuna anayeguswa. Hata kwa kundi la usiku jozi inafanya kazi, ila mmoja atakesha siku nne mfululizo, na hilo mimi humuuliza mara mbili kabla ya kusaini. Kwa walio ofu jozi haisaidii, kwa hiyo mlango huo umefungwa kabisa.

Mtu mwenye msiba jioni ya leo tu, asiye na muda wa kupanga jozi, usimtafutie wa kubadilishana. Mpe ruhusa na kundi lake lifanye kazi pungufu kwa mtu mmoja. Hapo ndipo tunafika kwenye mtu wa tano.

Kila kundi lina watu watano, na zamu haiwezi kwenda chini ya wanne. Kila mwaka, bajeti inapoandikwa, atakuja mtu kukuambia kila kundi lina mtu wa ziada. Mweke chini umwonyeshe hesabu. Mzunguko wetu una zamu sita za saa 8 ndani ya siku nane, yaani saa 48, ambayo kwa wiki ni wastani wa saa 42. Mkataba unasema 40. Kwa hiyo kila mfanyakazi anaidai ofisi saa 2 kila wiki, na kwa mwaka ni saa 104, sawa na zamu 13. Hizo lazima zirudishwe. Ongeza likizo ya siku 28, ambayo kwa mzunguko huu hugusa zamu kama 21. Mtu mmoja tayari ana zamu 34 ambazo hatakuwepo, na watu watano wana 170. Kundi kwa mwaka linaingia kazini kama mara 274. Maana yake, katika kila zamu nane, takriban tano zina mtu asiyekuwepo kwa haki yake kabla hajaugua yeyote. Mtu wa tano anatumika katika zaidi ya nusu ya zamu. Zilizobaki ndizo za homa, mafunzo na misiba.

Deni hilo la zamu 13 usiliache lilundikane. Lirudishe zamu moja kila wiki nne. Ukingoja mwisho wa mwaka, watu ishirini watakudai kwa pamoja na hutakuwa na pa kuwaweka.

Suala la Jumamosi na Jumapili nitalipitia haraka, ingawa ndilo utakaloulizwa zaidi. Mzunguko ni wa siku nane na wiki ni ya siku saba, kwa hiyo ofu husogea siku moja mbele kila mara, na kila kitu hurudi mahali pake baada ya siku 56. Katika wiki hizo nane mtu anapata Jumamosi peke yake mara moja, wiki inayofuata Jumamosi na Jumapili kamili, wiki ya tatu Jumapili peke yake. Kisha wiki tano hapati kitu. Malalamiko huanza wiki ya nne ya ukame, na mlalamikaji huamini kabisa kwamba unampendelea mwingine. Mpe karatasi yenye tarehe zake za mwaka mzima. Mimi nilipoanza kuzibandika ukutani, wengi waliacha kuja ofisini, wakaanza kupanga harusi na safari zao kwa tarehe hizo.

Ila kumbuka kwamba zamu ya usiku hubeba tarehe ya siku iliyoanza. Aliyeandikwa usiku wa Ijumaa anatoka Jumamosi saa 12 asubuhi, na Jumamosi hiyo nusu yake ni usingizi. Mtu akiomba likizo ianze Jumamosi, angalia Ijumaa yake kwanza. Kama ni usiku, mweleze kabla hajakata tiketi.

La mwisho kwenye hati ni mpaka wa mwezi. Mwezi wangu wa kwanza nilifungua jedwali tupu nikaanza upya: Kundi A, asubuhi, tarehe 1. Mwezi uliotangulia ulikuwa wa siku 30 na nao ulianza hivyohivyo. Hesabuni: mizunguko mitatu ni siku 24, zinabaki sita, kwa hiyo tarehe 30 Kundi A lilikuwa siku ya 6, usiku wa pili. Lilitakiwa litoke saa 12 asubuhi ya tarehe 1 na kuingia zamu ya asubuhi saa hiyohiyo. Mzee mmoja wa kundi hilo alinijia na karatasi mkononi, akaniuliza kwa upole kama kuna mahali amesoma vibaya. Hakuwa amesoma vibaya.

Tangu siku hiyo siandiki mwezi mpya kabla ya kuandika, juu kabisa ya ukurasa, kila kundi liko siku ya ngapi ya mzunguko. Mwezi uliokwisha ukiwa wa siku 30, kila kundi linasogea siku sita, na ukiwa wa 31 linasogea saba. Kwa hiyo dada yangu, ukifungua daftari Jumatatu utakuta tarehe 1 imeandikwa hivi: A siku ya 5, B siku ya 3, C siku ya 1, D siku ya 7. Chini yake kuna maombi mawili ya kubadilishana ambayo sijasaini. La kwanza ni jozi ya jioni na asubuhi, liko sawa. La pili ni jioni moja, na mwombaji anasubiri jibu lako.