Rikruta wa Uingereza kapiga, simu haikupokelewa: ujumbe tuliomwandikia

Habari za huko nyumbani? Chuga mpo? Moshi mpo? Mimi nipo Leeds, jua limetoka ila msidanganyike, koti liko hapa pembeni. Leo naongelea jambo moja tu, maana wiki hii limeikuta familia yetu na najua wapo wengine limewakuta au litawakuta.

Nina binti wa shangazi pale Majengo, Moshi. Yuko kwenye kampuni ya utalii, anapanga safari za wageni wa mlimani. Aliomba kazi ya uratibu kwa kampuni ya huku Uingereza, kazi yenyewe angeifanya akiwa hapo hapo Moshi. Tarehe 24 Machi rikruta akamwandikia: tuongee kwa simu Jumanne tarehe 31, saa nne asubuhi kwa saa za Uingereza. Binti akapiga hesabu. Tanzania tuko mbele kwa saa tatu, kwa hiyo ni saa saba mchana, muda wake wa chakula. Safi kabisa.

Hesabu ile ilikuwa sahihi siku ile aliyoipiga. Tatizo ni kwamba huku saa hubadilishwa Jumapili ya mwisho ya Machi, na mwaka huu wa 2026 iliangukia tarehe 29. Usiku huo ikifika saa saba, saa zinasogezwa zinakuwa saa nane, na tofauti yetu inashuka kutoka saa tatu hadi mbili. Basi Jumanne simu ikaita saa sita mchana. Yeye anahudumia wageni, simu iko kwenye droo. Saa saba kasoro akaitoa ajiandae, akakuta namba ya +44 imepiga mara mbili, na barua pepe fupi: nimekutafuta sikukupata.

Hapo ndipo akanipigia analia. Nikamwambia, mdogo wangu, kulia tutalia jioni, sasa hivi tunaandika.

Rasimu yake ya kwanza alishaniletea. Ilikuwa aya nne za kuomba radhi, halafu mtandao ulisumbua, halafu mwishoni "nipo tayari muda wowote utakaopenda". Tuanze na huo mtandao. Mtandao ukiwa chini, anayepiga haisikii simu ikiita. Anasikia ile sauti ya mashine kwamba namba haipatikani. Huyu mama rikruta alipiga mara mbili, simu ikaita mpaka ikakata. Ukimwambia mtandao, anajua pale pale kwamba unamdanganya, na sasa una makosa mawili badala ya moja.

Binti akabisha, na alikuwa na hoja. Kaka, hii kazi ni ya kupanga wageni wanaotua KIA, sasa nikisema nilikosea hesabu ya saa si najimaliza mwenyewe? Mimi nikaona kinyume. Kila mtu Uingereza anajua saa zilibadilishwa Jumapili, wengine huku wenyewe wamechelewa kazini Jumatatu. Ni sababu ya kweli, inaingia kwenye sentensi moja, na inaonyesha umeshajua kosa lilikuwa wapi. Tena ukitaka kuwa mkali, yule rikruta naye aliandika "saa za Uingereza" tu, hakuandika GMT wala BST. Angeandika BST, ambayo ndiyo saa yao ya kiangazi, mtu angeshtuka. Lakini hilo tunalisema humu ndani, kwenye ujumbe halimo.

Sasa "muda wowote". Watu wetu tunaona ni heshima, kumbe unamrudishia mtu kazi. Rikruta ana watu wengi wa kuongea nao siku hiyo, akiona "muda wowote" inabidi afungue kalenda, afikirie, akuandikie, asubiri jibu. Mpe nyakati tatu achague moja, amalize kwa mstari mmoja.

Kuzipata hizo tatu ndipo tulipokaa. Ijumaa tarehe 3 ni Ijumaa Kuu, Jumatatu tarehe 6 ni ya Pasaka, huku ofisi zimefungwa zote mbili. Zikabaki Jumatano, Alhamisi, na Jumanne ya wiki inayofuata. Hiyo Jumanne ni tarehe 7 Aprili, Karume Day, nyumbani mapumziko ila Uingereza wanapiga kazi kama kawaida. Nikamwambia hiyo ndiyo dhahabu yako: huna bosi wa kumkwepa, huna wageni, unakaa chumbani mlango umefungwa. Ya Alhamisi sikuipenda sana, mkesha wa sikukuu watu huwahi kuondoka, lakini tukaiweka.

Ujumbe aliutuma kwa Kiingereza, akijibu ile ile barua pepe ya rikruta ili mazungumzo yote yakae pamoja. Nawasomea kwa Kiswahili:

"Naomba radhi kwa kutopokea simu yako leo saa 10:00. Nilihesabu tofauti ya saa kabla saa za Uingereza hazijabadilishwa Jumapili, nikawa nakusubiri saa moja baadaye. Bado naitaka sana nafasi hii. Naweza kuongea nyakati hizi: Jumatano 1 Aprili, 11:15 BST (13:15 Moshi), Alhamisi 2 Aprili, 15:00 BST (17:00 Moshi), Jumanne 7 Aprili, wakati wowote kati ya 09:00 na 12:00 BST (11:00 hadi 14:00 Moshi). Namba yangu ni ile ile, na inapatikana pia WhatsApp laini ikisumbua. Ukichagua, naomba unitumie mwaliko wa kalenda."

Basi. Ukauona urefu wake? Radhi moja, sababu moja. Saa zimeandikwa kwa mtindo wa 24, maana sisi wa saa mbili asubuhi tukianza kuandika 2 na 8 tutapotezana tena. Kila muda una siku, tarehe, saa yake na saa yetu, kwa hiyo kama tumekosea hesabu yeye ataliona kosa. Na mwaliko wa kalenda unajigeuza wenyewe kwa saa ya simu yako, mradi simu iwe imewekwa GMT+03:00. Hili likague, kuna simu za mtumba zinakuja na saa za nchi nyingine.

Tulituma kabla ya saa nane mchana, siku ile ile. Kupiga simu alijaribu mara moja, akapokelewa na mapokezi, akaacha jina. Imetosha hapo, usipige mara kumi. Na kama angekaa kimya, tungemkumbusha mara moja tu baada ya siku mbili za kazi, ambayo kwa Pasaka hii ingetuvusha mpaka Jumanne.

Alijibu jioni ile. Kachagua tarehe 7, 10:00 BST, saa sita mchana kwa Moshi, na mwaliko ukaja. Binti akaukubali, akajibu mstari mmoja wa kuthibitisha. Kazi hajaipata, msianze kupongeza kwenye komenti, ndiyo kwanza wataongea.

Mlioniuliza nchi nyingine: Ujerumani nao walibadilisha usiku ule ule, sasa tumewazidi saa moja, na kuanzia tarehe 25 Oktoba tutawazidi mbili, wakati Uingereza inarudi kuwa tatu. Marekani wao hubadilisha mapema, Jumapili ya pili ya Machi, kwa hiyo mwezi huo usimwamini mtu aliyekuhesabia Februari. Dubai hawabadilishi kabisa, wako mbele yetu saa moja mwaka mzima.