Jedwali Moja, Mzigo Mmoja: Kufupisha Somo la Upangaji wa Michakato

Ndugu wanafunzi, leo tunachukua somo zima la jinsi mfumo endeshi unavyopanga michakato kwenye prosesa, tulifupishe liwe jedwali la ukurasa mmoja. Nguzo zake zinajulikana: jina la algoriti, nguvu, udhaifu na mfano mdogo. Nitakaa zaidi kwenye mfano, kwa sababu ndipo majedwali mengi yanapoharibika.

Mwanafunzi hufungua daftari, akakuta FCFS, yaani anayefika kwanza huhudumiwa kwanza, imefundishwa kwa michakato mitatu ya muda 24, 3 na 3, wastani wa kusubiri 17. Kurasa mbili mbele, SJF, yaani kazi fupi zaidi hutangulia, imefundishwa kwa michakato minne ya muda 6, 8, 7 na 3, wastani 7. Ananakili vyote viwili, 17 juu na 7 chini, na kila atakayesoma ataamini kwamba SJF imepunguza kusubiri kwa zaidi ya nusu. Lakini pitisha ule mzigo wa pili kwenye FCFS: kusubiri ni 0, 6, 14 na 21, wastani 10.25. Tofauti ya kweli ni kati ya 10.25 na 7. Hiyo 17 ilitoka kwenye mzigo mwingine kabisa.

Kwa hiyo chagueni mzigo mmoja upite safu zote. Mimi napendekeza huu: mchakato A unafika saa 0 ukihitaji prosesa kwa vipimo 7 vya muda, B unafika saa 1 ukihitaji 4, C unafika saa 2 ukihitaji 1. Ni midogo kiasi cha kukokotolewa kwa kalamu, ila nyakati za kufika zinatofautiana, na hilo ni la lazima. Yote ikifika pamoja, SJF na SRTF, ile inayomtanguliza aliyebakiza muda mfupi zaidi hata kwa kumkatiza aliye kazini, zitatoa jibu lilelile, nanyi hamtaona kwa nini zina majina mawili.

| Algoriti | Mpangilio | Kusubiri A, B, C | Wastani | Nguvu | Udhaifu |
|---|---|---|---|---|---|
| FCFS | A 0–7, B 7–11, C 11–12 | 0, 6, 9 | 5 | Foleni moja, hakuna anayerukwa | Kazi fupi hukwama nyuma ya ndefu |
| SJF | A 0–7, C 7–8, B 8–12 | 0, 7, 5 | 4 | Fupi hutangulia | Haimkatizi aliyekwisha kuanza |
| SRTF | A 0–1, B 1–2, C 2–3, B 3–6, A 6–12 | 5, 1, 0 | 2 | Wastani mdogo kuliko wote | Lazima ujue muda uliobaki. Ndefu yaweza kufa njaa |
| RR, mzunguko wa zamu za vipimo 2 | A 0–2, B 2–4, C 4–5, A 5–7, B 7–9, A 9–12 | 5, 4, 2 | 3.67 | Kila mmoja hupata zamu bila kujulisha urefu wake | Kubadilishana mara nyingi |

Muda wa kusubiri tunaupata hivi: saa ya kumaliza, toa saa ya kufika, toa muda wa kazi yenyewe. Katika SRTF, A unamaliza saa 12, ulifika saa 0, kazi yake ni 7, umesubiri 5.

Kabla ya kuamini safu yoyote, angalieni mwisho wa mpangilio. Kazi zote jumla ni 12, na prosesa haikai bure hata mara moja, kwa hiyo kila safu lazima iishie 12. Ukiishia 11 au 13, umesahau kipande au umekihesabu mara mbili. Kosa hili hutokea zaidi kwenye RR, kwa kuwa vipande ni vingi.

Tukae hapo kwenye RR kidogo. Saa 2 yanatokea mambo mawili kwa pamoja: zamu ya A inakwisha, na C unafika. Nani aingie foleni kwanza? Mimi nimemtanguliza anayefika, hivyo foleni ikawa B, C, A. Ukimtanguliza A, foleni inakuwa B, A, C. C utasubiri 4 badala ya 2, na wastani utapanda kutoka 3.67 hadi 4.33. Algoriti ni ileile, mzigo uleule, majibu mawili, na yote mawili ni sahihi kwa kanuni yake. Ndiyo maana jedwali lisiloandika kanuni ya sare chini yake halijakamilika. Wanafunzi wawili wanaweza kubishana jioni nzima juu ya hesabu ambayo hakuna kati yao aliyeikosea.

Sasa tazameni nguzo ya wastani. RR imeshindwa na SRTF kwa mbali. Je, nguvu yake iko wapi? Haiko kwenye wastani, na jedwali linalopima wastani peke yake linaionea. Pimeni pengo refu ambalo mchakato mmoja ulikaa bila prosesa. Katika SRTF, A unatolewa saa 1 na haurudi hadi saa 6: pengo la 5. Katika RR, pengo refu kuliko yote ni 3. Tena kuna kikomo unachoweza kukitabiri: michakato ikiwa n na zamu ikiwa q, hakuna atakayesubiri zamu yake zaidi ya (n − 1) × q, ukiacha gharama ya kubadilishana. Hapa ni 2 × 2, yaani 4. SRTF haina ahadi ya namna hiyo. Zamu nayo ina mipaka: ifanye 7 kwa mzigo huu na RR inakuwa FCFS, ifanye ndogo mno na prosesa inamaliza muda wake ikibadilisha michakato.

Udhaifu mwingine hauonekani kabisa kwenye mzigo wa watatu. Mmeandika kwamba ndefu yaweza kufa njaa, lakini A umemaliza saa 12, haukufa. Ongezeni basi sharti moja kwenye safu ya SRTF: kuanzia saa 3, kila kipimo cha muda kinaleta mchakato mpya wa urefu 1. B uliobakiza 3 na A uliobakiza 6 havitaguswa tena maadamu mtiririko huo unaendelea. Mstari huo mmoja unatosha kuthibitisha neno njaa.

Na ule muda uliobaki, mfumo unaujuaje? Haujui, unakisia kwa kutazama nyuma. Njia inayofundishwa ni kuchanganya kisio la zamani na muda halisi wa mwisho. Ukigawa uzito nusu kwa nusu, kisio likiwa 6 na muda halisi ukawa 4, kisio jipya ni 5. Basi wastani wa 2 katika jedwali letu ni wa kipangaji kinachojua yote. Kipangaji halisi kitaupata tu pale makisio yake yanapopanga michakato kwa utaratibu uleule.

Upangaji kwa kipaumbele uwekeni safu ya mwisho, nao unahitaji namba ya ziada kwa kila mchakato. Andikeni kama namba ndogo ndiyo yenye cheo kikubwa au kinyume chake, maana vitabu havikubaliani. Njaa ipo hapo pia, na dawa yake ni kumpandisha cheo aliyesubiri muda mrefu.