Tufunge Desemba au Septemba?

REHEMA: Karibuni tena. Juzi Shaaban kanipigia simu usiku, kisa kisanduku kimoja kwenye fomu.

SHAABAN: Na kisanduku chenyewe si cha mchezo, dada. Mdogo wangu anasajili kampuni ya mabegi ya shule. Fomu imeshajaa yenyewe: mwaka wa fedha unaisha 31 Desemba. Nikamwambia asiendelee kwanza.

REHEMA: Waeleze kwa nini.

SHAABAN: Anaanza biashara 1 Oktoba, na mauzo yake yote makubwa ni Novemba na Desemba. Tuseme sheria inampa miezi 4 ya kulipa kodi tangu afunge mwaka. Akifunga Desemba, mwaka wake wa kwanza ni miezi 3 yenye faida tupu, na kodi anadaiwa 30 Aprili, mauzo yakiwa yamelala. Akifunga 30 Septemba, kodi ya faida ile ile inadaiwa 31 Januari ya mwaka unaofuata. Miezi 9 zaidi! Tena kodi ya pango na mishahara ya miezi mikavu imeshapunguza ile faida.

REHEMA: Hiyo miezi 9 ipo kama hakuna kodi ya awamu. Pakiwa na malipo ya awamu kwa makadirio, sehemu kubwa ataitoa kabla hata ya Septemba. Halafu Septemba stoo imejaa.

SHAABAN: Nilijua tutafika stoo. Kila kipindi stoo!

REHEMA: Kwa sababu faida inazaliwa stoo. Chukua mzigo wa mwanzo, ongeza ulionunua, toa uliobaki: hiyo ndiyo gharama ya ulivyouza. Mabegi 200 yakihesabiwa mara mbili, kila moja lilinunuliwa kwa 10, umejiongezea faida ya 2,000 ambayo haipo. Na unailipia kodi.

SHAABAN: Si ahesabu vizuri?

REHEMA: Umewahi kuhesabu stoo iliyojaa? Mzigo unashushwa huku unahesabu. Boksi limebandikwa 50, ndani yamo 46. Inabidi uzuie mzigo usiingie wala kutoka, wahesabu wawili, kila rafu iliyokwisha ipigwe alama...

SHAABAN: Sasa tumehamia stoo moja kwa moja.

REHEMA: ...na shehena iliyo njiani, umeshaimiliki au bado? Mwisho wa Desemba mabegi yamekwisha, unahesabu asubuhi moja.

SHAABAN: Siwezi kumtoa mtu fedha za mtaji Aprili ili apate wepesi wa kuhesabu. Mwaka wa kwanza fedha ndiyo pumzi ya kampuni.

REHEMA: Hesabu zenye makosa zitamfuata mwaka hadi mwaka. Na hapo umeahirisha tu, kodi haijapungua.

SHAABAN: Kuahirisha kunamtosha.

REHEMA: Mimi nabaki na Desemba.

SHAABAN: Na mimi Septemba. Dakika zimeisha, na niliandaa mambo matatu.

REHEMA: Sema moja.

SHAABAN: Kubadilisha tarehe baadaye mara nyingi kunahitaji kibali cha mamlaka ya kodi. Kwingine huchagui kabisa. China kila kampuni inafunga 31 Desemba.

REHEMA: Wameona mbali.

SHAABAN: Dada, zima maikrofoni.