Kutoka tani 800 hadi tani 1,200: ukuaji wa kila mwaka unavyopatikana

Ndugu zangu, karibuni. Leo nataka tukae na hesabu moja tu, tuielewe mpaka ndani. Chukueni kiwanda cha mfano. Mwaka 2019 kilizalisha tani 800, na mwaka 2024 kikazalisha tani 1,200. Swali ni hili: kwa wastani kilikua kwa asilimia ngapi kila mwaka?

Wengi watajibu haraka. Ongezeko ni tani 400, yaani asilimia 50 ya tani 800. Gawanya kwa miaka mitano, unapata asilimia 10. Sasa tuijaribu. Anza na 800 na uongeze asilimia 10: unapata 880. Mwaka wa pili ile asilimia 10 haihesabiwi tena kwenye 800, inahesabiwa kwenye 880, kwa hiyo unafika 968. Ukiendelea hivyo hadi mwaka wa tano, utafika karibu tani 1,288. Tumepitiliza kwa tani 88, kwa sababu kila ongezeko nalo huzaa ongezeko, sawa na riba inayolipwa juu ya riba.

Tunachotafuta, basi, ni namba moja ambayo ukianza na 800 na kuzidisha kwa namba hiyo mara tano mfululizo, unatua kwenye 1,200. Gawanya namba ya mwisho kwa ya mwanzo: 1,200 kwa 800 ni 1.5. Tafuta kipeuo cha tano cha 1.5, ambacho ni kama 1.0845. Ondoa 1, inabaki 0.0845, yaani asilimia 8.45 kwa mwaka. Kwenye Excel unaandika hivi:

```
=(1200/800)^(1/5)-1
```

Mabano ya `1/5` msiyaache. Ukiandika `^1/5`, kompyuta itapandisha kwa kipeo cha 1 kwanza, kisha igawanye kwa 5, na jibu litakalotoka halihusiani kabisa na swali lenu. Kuhakiki ni rahisi: zidisha 800 kwa 1.0845 mara tano, uone kama unarudi kwenye 1,200. Mimi sikabidhi hesabu hii kwa mtu kabla ya kufanya hivyo.

Mahali watu wanapojikwaa zaidi ni kwenye hesabu ya miaka. Ukiorodhesha 2019, 2020, 2021, 2022, 2023 na 2024, una namba sita mezani. Mtu anahesabu safu, anaona sita, anaweka 6. Lakini ukuaji hutokea kati ya mwaka na mwaka, na hapo katikati kuna hatua tano. Ukiweka 6, unapata karibu asilimia 7, na kiwanda kinaonekana kimekua polepole kuliko kilivyokua. Toa tu mwaka wa mwanzo kwenye mwaka wa mwisho: 2024 toa 2019.

Sasa tufike kwenye jambo ninalolitilia mkazo kuliko yote. Tuseme uzalishaji ulikwenda hivi, kuanzia 2019: tani 800, 1,000, 700, 840, 1,050, halafu 1,200. Mwaka 2021 uliporomoka kwa asilimia 30. Je, mporomoko huo umeuona kwenye ile 8.45? Hauonekani kabisa, kwa sababu kanuni yetu inatazama namba mbili tu, ya kwanza na ya mwisho. Hakuna mwaka hata mmoja ambao kiwanda hiki kilikua kwa asilimia 8.45.

Na hapo ndipo anayetoa taarifa anapopata nafasi ya kuchagua. Akianzia 2021, mwaka wa tani 700, anahesabu miaka mitatu hadi 2024 na kutangaza karibu asilimia 19.7 kwa mwaka. Akianzia 2020, mwaka wa tani 1,000, anapata asilimia 4.7 tu. Kiwanda ni kilekile na hesabu zote mbili ni sahihi. Kwa hiyo mkiletewa kiwango cha ukuaji, ombeni namba za kila mwaka, na hasa ulizeni mwaka mmoja kabla ya ule wa kuanzia ulikuwaje. Ikiwa namba ya kuanzia iko chini sana kuliko ya mwaka uliotangulia, sehemu kubwa ya huo “ukuaji” ni kurudi pale mlipokuwa.

Kuna swali limeulizwa hapa mbele: vipi kama mwaka wa mwanzo ni wa hasara na wa mwisho ni wa faida? Hapo kanuni hii haifanyi kazi. Hasara ya 50 ikigeuka faida ya 100, mgawanyo wake ni hasi 2, na asilimia yoyote utakayoilazimisha itoke haitakuwa na maana. Ukianzia sifuri, hata kugawanya hakuwezekani. Andika namba zote mbili kama zilivyo, msomaji aone hasara ilikuwa kiasi gani na faida imefika wapi.